Upau wa "Nyinginezo" kwenye grafu ya kumi bora: ukate wapi, na nini kisiingie humo

Grafu ya kumi bora huonekana kazi nyepesi mpaka ufike mkiani mwa orodha. Kumi za juu zimeshajipanga, halafu zinabaki aina kumi na kitu, kila moja na kiasi kidogo, na ni wewe unayeamua zikae wapi. Wengi huzikusanya zote kwenye upau mmoja, wakauandika "Nyinginezo", kazi ikaisha. Shida ni kwamba upau huo ndio pekee kwenye grafu ambao haukutoka kwenye data. Umeutengeneza wewe, na urefu wake unategemea uamuzi wako.

Tuchukue mwalo mmoja wa Tanga, kama Sahare au Deep Sea, ambako karani huandika kila siku chombo kilichoingia, aina ya samaki na kilo. Mwisho wa mwezi BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo, kinataka grafu moja ya kubandika ukutani. Namba za hapa chini ni za mfano tu, zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri. Jumla ya mwezi ni kilo 20,000.

| Aina | Kilo |
|---|---|
| Dagaa | 5,200 |
| Vibua | 3,100 |
| Changu | 1,900 |
| Tasi | 1,450 |
| Jodari | 1,200 |
| Pweza | 950 |
| Nguru | 800 |
| Kolekole | 640 |
| Taa | 420 |
| Pono | 410 |
| Ngisi | 405 |
| Chewa | 395 |
| Aina 14 zilizobaki, kubwa yao kilo 260 | 1,950 |
| "Mchanganyiko" | 1,180 |

Orodha hii tayari imesafishwa, na usafi huo lazima utangulie. Kwenye daftari lenyewe vibua viliandikwa kwa namna tatu: "Vibua" kilo 1,800, "Kibua" kilo 940 na "Vibuwa" kilo 360. Ukipanga bila kuunganisha, vibua vinashuka hadi nafasi ya tatu chini ya changu, kibua anasimama peke yake katika nafasi ya saba kama samaki mwingine, vibuwa wanazama kwenye Nyinginezo, na pono anasukumwa nje ya kumi bora bila kosa lake. Kwa hiyo kabla ya kukata, pitia majina yote kwa mpangilio wa alfabeti na kwa macho yako. Excel haijali herufi kubwa na ndogo inapokusanya majina, lakini nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa neno huifanya ione majina mawili. `TRIM` huiondoa hiyo. Tofauti ya tahajia hakuna fomula itakayokumalizia. Inataka mtu anayejua samaki.

Kisha kuna ule "Mchanganyiko". Hapa ndipo naona watu wanakosea zaidi. Karani huandika hivyo pale tenga linapokuja na changu, tasi na pono pamoja, na hakuna muda wa kuwatenganisha kwenye mizani. Kwa hiyo Mchanganyiko ni samaki ambao hatujui wagawanywe vipi, na huenda wengi wao ni wa aina zilizo kileleni. Nyinginezo ni samaki tunaowajua kwa majina, ila kila aina ni kidogo. Ukivijumlisha, msomaji ataamini kuwa kilo zote hizo ni za samaki adimu. Viache viwe pau mbili, zote chini kabisa. Vivyo hivyo kwa mistari ambayo safu ya aina iliachwa wazi: iite "Haikuandikwa" na uipe upau wake.

Sasa wapi pa kukata. Kumi ni desturi tu. Tazama orodha kuanzia nafasi ya nane: 640, 420, 410, 405, 395, kisha 260. Ukikata kwenye kumi, pono anaingia na ngisi anabaki nje kwa kilo 5. Kilo 5 ni kosa la mizani la siku moja, au tenga lililopimwa na maji yake. Mwezi ujao watabadilishana nafasi na kila mtu atauliza ngisi wametoka wapi, wakati baharini hakuna kilichobadilika. Kata pale penye pengo: baada ya nane (640 kushuka hadi 420) au baada ya kumi na mbili (395 kushuka hadi 260).

Kati ya mapengo hayo mawili, acha ukubwa wa Nyinginezo ukuamulie. Ukikata kwenye nane, Nyinginezo inakuwa kilo 3,580, karibu asilimia 18, na inawapita vibua walio nafasi ya pili. Ukikata kwenye kumi na mbili, inabaki 1,950, chini kidogo ya asilimia 10, sawia na changu. Hapa ningechukua kumi na mbili na kuandika "Aina 12" kwenye kichwa. Kama aliyeagiza amesisitiza kumi, mpe kumi, Nyinginezo iwe 2,750, halafu andika chini ya grafu kuwa ngisi (kilo 405) na chewa (kilo 395) wanafuata nyuma ya pono kwa tofauti ndogo.

Ikiwa Nyinginezo inaelekea kuupita upau wa kwanza, usiendelee kuongeza majina hadi yafike ishirini na tano. Hiyo ni dalili kuwa umegawa vipande vidogo mno. Mwenye duka anayepanga wateja wake kwa mtaa mmoja mmoja ataona hivyo. Akipanda ngazi moja hadi kata, akawa na Chumbageni, Makorora, Mabawa, Pongwe na nyinginezo za ukubwa huo, mkia unafupika wenyewe. Kama hakuna ngazi ya kupandia, na swali ni nani anaongoza tu, ondoa kabisa upau wa Nyinginezo na uandike kilo zake kwa maneno chini ya grafu. Upau huo ni wa lazima pale msomaji anapotakiwa kuona sehemu ya jumla, yaani kila palipo na asilimia.

Kuhusu asilimia, kuna mtego ndani ya jedwali la `PivotTable`. Tuseme umeshauweka Mchanganyiko pembeni, kisha ukatumia kichujio cha `Top 10`. Excel haiziweki aina nyingine kwenye Nyinginezo, inazificha, na jumla ya chini inakuwa ya zile kumi tu, kilo 16,070. Asilimia nazo zinapigwa juu ya hiyo, kwa hiyo dagaa ambao ni asilimia 26 ya mwalo wanaonekana asilimia 32.4. Utaujua mtego huu kwa kulinganisha jumla ya jedwali na jumla ya daftari. Zisipolingana, kuna samaki wamepotea njiani.

Njia salama ni kuyaamulia makundi kwenye data yenyewe. Katika karatasi iitwayo `Orodha` andika aina 12 ulizochagua, na Mchanganyiko awe wa 13. Kwenye karatasi ya `Daftari`, ambapo B ni chombo, C ni aina na D ni kilo, ongeza safu ya E iitwayo Kundi:

```
=IF(ISNUMBER(MATCH(C2,Orodha!A$2:A$14,0)),C2,"Nyinginezo")
```

Iteremshe hadi mwisho, kisha jenga jedwali kwa safu ya Kundi badala ya aina. Hakuna kilo inayoweza kupotea, kwa sababu kila mstari umepata kundi. Ila angalia mistari ambayo aina haikuandikwa: fomula hii itaitupa kwenye Nyinginezo, kwa hiyo ijaze kwanza neno "Haikuandikwa" na uliongeze neno hilo kwenye Orodha, na fomula ifike `A$15`.

Faida kubwa ya safu hiyo huonekana pale grafu isipokuwa ya kilo. Kilo hujumlishika, bei haijumlishiki. Tuseme ndani ya Nyinginezo kuna mkizi kilo 250 kwa shilingi 4,000, na kamba kochi kilo 10 kwa shilingi 30,000. Ukichukua wastani wa bei hizo mbili unapata 17,000, bei ambayo karibu hakuna aliyelipa. Jumlisha fedha, 1,000,000 na 300,000, ugawe kwa kilo 260: ni 5,000. Wastani wa Nyinginezo siku zote ni fedha zote za kundi kwa kilo zote za kundi.

Idadi ya vyombo nayo ina ugumu wake. Ngalawa moja iliyoleta mkizi, kaa na papa huhesabiwa mara tatu ukijumlisha aina kwa aina. Hesabu vyombo upya ndani ya kundi:

```
=ROWS(UNIQUE(FILTER(Daftari!B2:B900,Daftari!E2:E900="Nyinginezo")))
```

Kwenye kuchora, pau za kulala ndizo zinazofaa, maana majina yanasomeka bila kuinamisha shingo. Excel huanza kuzichora kutoka chini, kwa hiyo weka alama kwenye `Categories in reverse order`. Ukipanga kwa ukubwa, Nyinginezo itapanda na kukaa kati ya vibua na changu. Ishushe kwa mkono hadi chini ya chewa, kisha Mchanganyiko, hata kama pau hizo ni ndefu kuliko zilizo juu yake, kwa sababu si washindani. Nyinginezo ipake kijivu, na jina lake liwe "Nyinginezo (aina 14)". Idadi hiyo kwenye mabano inamwambia msomaji kuwa haangalii samaki mmoja.

Ukichora miezi kadhaa kwa pamoja, usichague upya kila mwezi. Wakati wa kusi vyombo vidogo haviendi mbali na mavuno hubadilika. Kaskazi ikiingia, hubadilika tena. Ukiacha kila mwezi uwe na kumi zake, Nyinginezo ya Julai na ya Januari zitakuwa na samaki tofauti ndani yake, na kuzilinganisha hakuna maana. Chagua aina kwa jumla ya mwaka mzima, igandishe Orodha, na utumie hiyohiyo kwa miezi yote 12. Aina iliyovuma mwezi mmoja tu ikabaki nje, ielezee kwa sentensi moja pembeni ya mwezi huo.