Hadija au Khadija: nilivyolinganisha kitambulisho na cheti cha kuzaliwa

Kwa miaka mingi nilikuwa na majina mawili bila kujijua. Siku niliyopeleka karatasi za kufuatilia haki za marehemu baba, karani alilaza cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho changu sambamba mezani, akaanza kupitisha ncha ya kalamu herufi kwa herufi. Kisha akanisukumia vyote viwili. "Dada, hawa ni watu wawili."

Nitatumia majina ya mfano, ila kisa ni changu. Cheti kilisema HADIJA SELEMANI MUSSA. Kitambulisho kilisema KHADIJA SULEIMAN MUSA. Kwa masikio ni mtu mmoja, na nyumbani hakuna aliyewahi kushangaa. Lakini karani hasikilizi jina, analisoma, na mashine iliyo mbele yake haijui kwamba Hadija na Khadija ni jina lile lile. Inalinganisha herufi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Ikikuta H upande mmoja na K upande wa pili, imemaliza.

Makosa yenyewe yalizaliwa kwa njia ya kawaida kabisa. Aliyeandikisha kuzaliwa kwangu aliandika kama mama alivyotamka. Mwalimu wa darasa la kwanza alijua tahajia ya Kiarabu, akaona Hadija ni kosa, akanisahihisha kwa nia njema. Cheti cha shule kikatoka na jina la mwalimu. Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho nilibeba cheti hicho cha shule, kwa sababu ndicho kilichokuwa kabatini, kimenyooka na hakijachakaa. Kile cha kuzaliwa kilikuwa kwa mama, kimekunjwa mara nne.

Nilipotoka pale wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: nibadilishe cheti cha kuzaliwa kifuate kitambulisho. Kwani jina ninalotumia ni lipi? Shule, benki, laini ya simu, kazini, kote ni Khadija Suleiman. Cheti ni karatasi moja tu dhidi ya karatasi kumi. Namshukuru mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya usajili, maana alinizuia kwa swali moja: "Baba yako kwenye kitambulisho chake aliandikwa Selemani au Suleiman?"

Aliandikwa Selemani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Cheti cha kuzaliwa ndiyo karatasi inayokuunganisha na wazazi wako kwa majina. Kitambulisho hakimtaji mama. Cheti cha shule hakijui baba yako ni nani. Kama ningefanikiwa kugeuza cheti kiseme Suleiman, ningefanana na kitambulisho changu, lakini ningekuwa mtoto wa mtu ambaye hayumo kwenye karatasi za baba yangu. Yaani ningekata uzi ule ule niliokuwa nauhitaji. Wazazi wengi hulipata tatizo hili upande wa pili, pale wanapotaka kumwandikisha mtoto na majina yao wenyewe hayalingani na ya kwenye vyeti vyao.

Kwa hiyo marekebisho, kwa kawaida, hutiririka kutoka kwenye cheti kwenda kwenye kitambulisho, halafu kutoka kwenye kitambulisho kwenda kwingineko. Si kinyume chake. Utageuza mkondo huo tu pale cheti chenyewe kilipokosewa, na hilo lina ushahidi wake.

Na kabla ya kuamini cheti, mzee yule alinituma nikaombe upekuzi kwenye daftari la usajili. Wengi wetu hatujui kwamba cheti tulicho nacho ni dondoo tu. Kumbukumbu yenyewe ni ile iliyoingizwa daftarini, na cheti kilinakiliwa kutoka humo, pengine kwa mkono, pengine na mtu aliyechoka. Nilitoa namba ya ingizo iliyoandikwa juu ya cheti, tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Jibu lilipokuja, daftari lilisema HADIJA SELEMANI MUSA. Musa, S moja! Ile S ya pili iliongezwa wakati wa kunakili.

Tofauti zangu tatu zikawa za aina mbili. Mussa lilikuwa kosa la cheti, na dawa yake ilikuwa kuomba nakala mpya iliyonakiliwa sawasawa, daftari halikuguswa. Khadija na Suleiman yalikuwa makosa ya kitambulisho. Kama nisingefanya upekuzi ningerekebisha kitambulisho kiseme Mussa, kisha siku moja nipewe nakala mpya ya cheti inayosema Musa, nianze upya.

Kama ingizo la daftarini ndilo lililokosewa, hiyo ni safari nyingine. Utahitaji maombi ya marekebisho kwa msajili pamoja na karatasi za zamani zinazoonyesha jina lilivyopaswa kuandikwa: tangazo la kuzaliwa kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, vitambulisho vya wazazi. Karatasi iliyotengenezwa karibu na siku ya kuzaliwa ina uzito kuliko ya juzi. Cheti cha shule cha mtu mzima hakimshawishi msajili, kwa sababu nacho kilinakiliwa kutoka mahali fulani.

Sasa hati ya kiapo. Hapa watu wengi hupotea, nami nilipotea. Kuna hati mbili ambazo hufananishwa. Ya kwanza ni kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja; hakibadilishi chochote, kinaeleza tu. Ya pili ni hati ya kubadili jina, ambayo unaliacha jina la zamani kisheria na kuchukua jipya, na mara nyingi nayo husajiliwa, na katika nchi nyingine hutangazwa gazetini. Mimi sikuwa nabadili jina. Nilikuwa narudi kwenye jina nililoandikishwa. Ukiandikiwa hati ya kubadili jina kwa kosa la tahajia, umekiri kwamba jina la kitambulisho lilikuwa lako kweli na sasa unalikimbia, na kila ofisi itataka kuiona hati hiyo maisha yako yote. Muulize wakili ni ipi anayokuandikia kabla hajawasha kompyuta.

Kiapo changu cha kwanza kilikataliwa. Kilisema mimi ni Hadija "ambaye pia hujulikana kama Khadija Suleimani". Suleimani! Mchapaji alikuwa ameniongezea jina la tatu ambalo halipo kwenye karatasi yoyote, nami nikasaini bila kusoma. Cha pili nilikaa pembeni yake akichapa. Kiini chake kilikuwa hivi:

"Kwamba jina HADIJA SELEMANI MUSA, lililo kwenye cheti cha kuzaliwa namba fulani, na jina KHADIJA SULEIMAN MUSA, lililo kwenye kitambulisho namba fulani na kwenye cheti cha shule namba fulani, yote ni yangu na yanamhusu mtu mmoja. Kwamba tofauti ilitokana na tahajia iliyoandikwa shuleni na kunakiliwa wakati wa kuandikishwa kitambulisho. Kwamba jina langu sahihi ni HADIJA SELEMANI MUSA."

Angalia kilichomo: kila tahajia kwa herufi kubwa kama ilivyo kwenye karatasi yake, namba ya kila karatasi, sababu ya tofauti, na jina moja linalobaki. Kiapo kisichotaja namba za karatasi kinaweza kumhusu yeyote. Na usiape jambo ambalo si kweli ili tu mambo yaende haraka, maana kiapo cha uongo ni kosa la jinai.

Kwenye ofisi ya vitambulisho omba marekebisho ya taarifa. Usijaze fomu ya mwombaji mpya. Nilikutana na kijana kwenye foleni aliyeona marekebisho yanachelewa, akajiandikisha upya kwa jina sahihi. Mfumo unaohifadhi alama za vidole ulimkuta tayari yumo kwa jina lingine, na maombi yake yakasimamishwa hadi ajieleze. Katika marekebisho ya kawaida namba yako hubaki ile ile na tahajia ndiyo inayobadilika, na hiyo namba ndiyo itakayokusaidia baadaye benki na kwingineko kuonyesha kwamba hujageuka mtu mwingine.

Kadi ilipotoka niliigeuza. Kadi nyingi zilizotengenezwa kwa kanuni za kimataifa za hati za kusafiria zina mistari mitatu ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 30, na wa tatu ndio wa jina. Wangu wa zamani na mpya ulikuwa hivi:

```
MUSA<<KHADIJA<SULEIMAN<<<<<<<<
MUSA<<HADIJA<SELEMANI<<<<<<<<<
```

Soma mstari huo kabla hujatoka dirishani, kwa sababu ndio mashine nyingi husoma, si herufi nzuri za mbele. Usiogope ukiona ritifaa imetoweka. Mstari huo hukubali herufi A hadi Z na alama ya kujazia tu, kwa hiyo Ng'ang'a huwa `NGANGA`, na kistari kati ya majina mawili hugeuka alama ya `<`. Hiyo si tofauti ya jina. Jina refu sana nalo hukatwa likizidi nafasi. Lakini jina la ukoo likiingia mahali pa jina lako la kwanza, hilo ni kosa, hata kama herufi zote ni sahihi.

Baada ya kadi nilikwenda benki, kisha laini ya simu, kisha kazini. Pasipoti niliiacha ya mwisho makusudi, kwa kuwa huombwa kwa cheti na kitambulisho pamoja, na sikutaka kuilipia mara mbili. Nakala ya kadi ya zamani, nakala ya kiapo na jibu la upekuzi vyote nilivibana pamoja, na kila dirisha nilitoa bunda zima kabla sijaulizwa.

Cheti cha shule ndicho kilichobaki na Khadija Suleiman. Kumbukumbu za mitihani za zamani ni ngumu kubadilika, na nilipouliza niliambiwa nitumie kiapo. Basi kinakaa bahasha moja na kiapo chake, hakitoki peke yake.

Saini yangu bado inaanza na K kubwa yenye mkia. Nilimuuliza dada wa benki kama nayo nibadilishe. Akaitazama kwenye skrini, akailinganisha na niliyoweka mbele yake, akasema saini haisomwi tahajia, mradi ifanane na ile waliyonayo. Nikaiacha.