Walimu wapya wa Kiingereza, acheni kufundisha kwamba "do" ni "je"

Kila msimu wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha, kuna ubao mmoja utaandikwa "do = je". Wiki chache baadaye mwenye ubao huo yuko ofisini na rundo la madaftari, kalamu nyekundu inamwishia wino, anauliza hawa watoto wa kidato cha kwanza wana tatizo gani. Hawana tatizo. Wamekusikiliza, mwalimu, na wamefanya hivyo hivyo ulivyowaambia.

1. Tuanze na hiyo "je", na hapa nitakaa sana.

"Je" ya Kiswahili haigusi kitu kingine katika sentensi. "Juma ni mgonjwa" inakuwa "Je, Juma ni mgonjwa?" na "Juma alikwenda sokoni" inakuwa "Je, Juma alikwenda sokoni?" Hata ukiiondoa, kiimbo peke yake kinatosha kuuliza. Sasa mtoto aliyeambiwa kwamba "do" ndiyo "je" anafanya jambo la akili kabisa: anachukua sentensi ilivyo na kuibandikia "do" mbele. Unapata haya:

*Do Juma is sick?*
*Did Juma went to the market?*
*Does she likes tea?*
*Who did broke the window?*

Mwalimu mpya anaona makosa manne, anasahihisha manne, na kesho yake anayakuta tena. Kosa ni moja. Mtoto anadhani "do" ni alama ya swali, wakati kazi yake halisi ni kubeba njeo, yaani alama ya wakati wa kitenzi. Katika swali la Kiingereza, njeo ndiyo inayotangulia mbele ya kiima. Lakini njeo ni kiambishi tu, haiwezi kusimama peke yake, lazima ipande juu ya kitenzi fulani. Vitenzi vya kawaida kama *go*, *like* na *break* havihami mahali pake. Basi inaletwa "do", isiyo na maana yoyote ya kwake hapo, ibebe mzigo huo.

Chukua daftari lenye *Did Juma went to the market?* Usikate tu "went" ukaandika "go" juu yake. Mrudishe mwanafunzi kwenye sentensi ya taarifa, *Juma went to the market*, na umwambie apasue kitenzi: "went" ni *go* pamoja na wakati uliopita. Wakati uliopita unahamia mbele. Unahitaji mbebaji, kwa hiyo *do* na wakati uliopita vinakuwa *did*. Nyuma kimebaki nini? *Go*, tupu. *Did Juma go to the market?* Fanya vivyo hivyo na *She likes tea*: ile -s inahamia mbele, inapanda juu ya *do*, inakuwa *does*, na *like* inabaki bila -s. Mwanafunzi akiona kwa macho yake kwamba -s ni moja tu na imeshatumika, haandiki tena *does she likes*. Kiswahili chenyewe hakiweki wakati mara mbili: "alijua" ikikanushwa ni "hakujua", ile -li- haibaki pamoja na -ku-.

2. Kukanusha ni mashine ileile.

*Not* inakaa kati ya njeo na kitenzi, na njeo haiwezi kuiruka ikaishike *like*. Kwa hiyo inaletwa *do* tena: *She does not like tea*. Anayeandika *She not like tea* amesahau mbebaji. Anayeandika *She doesn't likes tea* amebeba mzigo mara mbili. Mtofautishie, kwa sababu ni magonjwa mawili na dawa zake si moja.

3. Sasa "be".

Wengi wenu mnaandika kwenye andalio la somo kwamba "be" ni ya pekee, halafu mnapita haraka. Si ya pekee kihivyo. Iko kundi moja na *can*, *will*, *must* na ile *have* ya *have eaten*: vitenzi vinavyoweza kubeba njeo yake mwenyewe kwenda mbele ya kiima au kutangulia *not*. *Juma was at the market*: "was" ni *be* na wakati uliopita, na *be* inahama na mzigo wake. *Was Juma at the market?* Hakuna kazi iliyobaki kwa ajili ya "do". Cha ajabu ni kwamba *be* hufanya hivyo hata inapokuwa kitenzi kikuu.

Zamani vitenzi vyote vya Kiingereza vilikuwa na uwezo huo. Ukitaka ushahidi ulio kwenye mstari mmoja, fungua Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, Mwanzo 4:9, Kaini anapojibu kuhusu Abeli: *I know not: Am I my brother's keeper?* Leo nusu ya kwanza ingekuwa *I don't know*. Nusu ya pili haibadiliki hata herufi moja. *Know* imepoteza uwezo wa kuitangulia *not*, *am* imebaki nao. Usiseme darasani kwamba "do" iliongezwa ili kurahisisha lugha. Vitenzi vya kawaida viliacha kuhama, basi, na vile visaidizi pamoja na *be* havikuacha.

Kosa linalotokana na hapa ni *Are you understand?* na *I am not understand*. Huyu mtoto amepata upande wa pili wa ugonjwa: ameona *are* nyingi mbele ya maswali, naye sasa anaitumia kama "je". Mwombe taarifa yake kwanza. Je, anasema *You are understand*? Akiikataa, ameshaona mwenyewe kwamba hapo hapakuwa na *are* ya kuhamisha. (Akiikubali, usiendelee na maswali, rudi kwenye taarifa kwa kipindi kizima.)

4. *Who broke the window?*

Mpeni mwanafunzi swali hili mapema, kabla hajazoea kuweka "do" kila mahali. *Who* ndiyo kiima, haikurukwa na kitu, njeo iko palepale na kitenzi chake, kwa hiyo hakuna mbebaji. *Who did you see?* inataka "do" kwa sababu kiima ni *you*. Na *Who didn't come?* inaitaka ingawa *who* ni kiima, kwa sababu *not* imeingia katikati. Anayezipanga tatu hizo bila kukosea ameelewa somo.

5. *Have* ya kumiliki siku hizi ifundisheni na "do": *Do you have a pen?* Wakikutana na *Have you a pen?* kwenye kitabu cha zamani, waambieni ni sahihi na imezeeka.

6. Mwishoni mwa mada kuna mwanafunzi mmoja, kwa kawaida yule wa nyuma dirishani, atakayeuliza: mwalimu, umesema *be* haihitaji "do", mbona kwenye geti imeandikwa *Don't be late*? Usimkaripie na usimwambie ni "exception". Mwonyeshe kitenzi chenyewe. Si *am*, si *is*, si *was*. Ni *be* tupu, kama ilivyo katika amri zote. *Be* inahama ikiwa imebeba njeo, na katika amri haijabeba, kwa hiyo inatulia mahali pake kama vitenzi vingine na *do* inaingia kuishika *not*. Kiingereza cha 1611 kiliiacha itangulie hata hapo, *Be not afraid*, Marko 5:36.