Ng'ombe hataki kulala kwenye kizimba: usimbane, mpanulie

SWALI: Daktari, niko Tororo, nina chotara wawili wa Friesian. Nilijenga vizimba vitatu vya simenti, kila kimoja futi 6 kwa 3 na mbele kimezibwa mbao, fundi akaweka mteremko wa inchi 8 kutoka mbele mpaka nyuma ili mkojo ujitokee wenyewe na nisihangaike na matandiko. Sasa mmoja hataki kulala ndani, analala kwenye ushoroba juu ya mavi, na robo moja ya kiwele imevimba tena hata baada ya kuweka tyubu ya dawa. Jirani anasema nipigilie mbao ubavuni nimbane zaidi mpaka azoee, na hatanyea ndani. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye. Na kama mbao ushaipigilia, ing'oe leo, alafu tuendelee.

Hili la kumbana ng'ombe ili "azoee" nalikuta karibu kila banda naloingia, kuanzia Busia mpaka kule juu Mbale, na linanichosha kuliko ugonjwa wenyewe, manake mtu anaona ng'ombe amelala nje ya kitanda anasema huyu ana kichwa kigumu. Hana kichwa kigumu. Ng'ombe wa maziwa anataka kulala kama masaa 12 kwa siku, wengine 10 wengine 14, na yuko tayari hata kuacha chakula akalale kwanza. Akiwa amelala damu inapita kwa wingi zaidi kwenye kiwele, na kucheua kwingi anafanyia hapo hapo. Kwa hiyo akikiacha kizimba na kuchagua mavi, jua kwamba alishakijaribu kizimba chako akaona mavi ni afadhali.

Kesho jioni fanya hivi. Kaa pembeni mtazame anavyojaribu kuingia. Utaona ananusa sakafu, anapeleka kichwa huku na huku, anapiga goti moja, anasita, anarudi kusimama, miguu miwili ya mbele ndani na miwili ya nyuma kwenye ushoroba. Kisha mtazame akiinuka. Ng'ombe anainua makalio kwanza, na ili ayainue lazima arushe kichwa mbele, anahitaji kama futi 3 za nafasi mbele ya pua yake. Kizimba cha futi 6 kilichozibwa mbao mbele hakina hiyo nafasi, hata mwili wenyewe kuutosha ni shida. Ndo maana wengine unawakuta wanaanza kuinuka na miguu ya mbele kama mbwa aliyekaa, na watu wanacheka. Huyo mnyama ameumia, si wa kuchekwa.

Vipimo sasa. Chukua futi ya fundi umpime ng'ombe mwenyewe, usimpime wa jirani. Pima upana kutoka mfupa mmoja wa nyonga mpaka wa pili, zidisha mara mbili, huo ndo upana wa kizimba. Chotara wa Friesian mkubwa mkubwa anatoa kama futi 2, kwa hiyo kizimba ni futi 4. Sehemu ya kulala, kuanzia ukingo wa nyuma mpaka mwisho wa sakafu mbele, mpe futi 7, na mbele ya hapo pawe wazi. Wewe una vizimba vitatu vya futi 3, yaani futi 9 kwa jumla, na ng'ombe ni wawili. Vunja vigawanyio vyote utengeneze viwili vya futi 4, ile futi moja inayobaki izibe uweke ndoo zako. Usigawe futi 4 na nusu kila mmoja ukidhani unawapendelea, kikizidi upana analala mshazari au anageuka, hapo sasa ndo atanyea kwenye matandiko kweli. Huku mbele ng'oa mbao, sogeza sakafu futi moja nje, bakiza mti mmoja tu kwa juu wa kumzuia asitoke, na ongeza bati kidogo mvua isimpige.

Kuhusu kunyea ndani, jirani yako amechanganya mambo. Mavi yanaangukia pale miguu ya nyuma iliposimama, na kinachoamua miguu ya nyuma isimame wapi ni mti wa shingo, ule unaopita juu kwa kukingama, wala si mbao za ubavuni. Uweke kimo cha futi 3 na nusu kutoka sakafuni, na uwe futi 5 na nusu kutoka ukingo wa nyuma ukipima kwa kulala. Ng'ombe akisimama, shingo inagusa mti, miguu ya nyuma inabaki karibu na ukingo, mavi yanaangukia ushorobani. Akianza kulala anapita chini yake bila shida. Ila ukimuona miguu ya nyuma bado iko ushorobani muda wote, ujue mti umerudi nyuma mno, usogeze mbele inchi mbili mbili mpaka akae sawa. Ufunge kwa kamba au waya kwanza, misumari baadaye.

Mteremko wako ndo kasoro kubwa ya pili. Inchi 8 kwa futi 6 ni kama inchi moja na theluthi kwa kila futi, hicho si kitanda. Kinachotakiwa ni karibu theluthi moja ya inchi kwa kila futi, kwa hiyo kwenye futi zako 7 mpya jumla ni inchi 2 na nusu tu. Fundi atakuambia maji hayatatoka. Maji gani? Ng'ombe jike anakojoa kwa nyuma, na ukishaweka mti wa shingo sawa mkojo mwingi unaangukia nje, huo mdogo unaobaki unanyonywa na matandiko. Mteremko mkali unafanya mambo matatu mabaya: unasukuma matandiko yote ushorobani, unamfanya ng'ombe ateleze kidogo kidogo usiku kucha mpaka kiwele kinaning'inia juu ya mavi, na kwa mwenye mimba kubwa unamlazimisha kulala uzito wote ukisukumia nyuma, huko kuna hatari ya uke kutokeza nje.

Huna haja ya kuvunja simenti. Tafuta gogo la mkalitusi lililonyooka, lilaze nyuma ya kizimba kwa kukingama, juu yake iwe inchi 8 kutoka sakafu ya ushoroba. Kisha jaza udongo wa kichuguu au maramu juu ya simenti, nyuma kabisa inchi 5 na nusu, ukipungua taratibu kuelekea mbele mpaka unaisha. Nyunyiza maji kidogo, shindilia, acha ukauke kabla ya kumrudisha. Zile inchi 8 zitakuwa zimebaki 2 na nusu, na gogo limekuachia kina cha inchi 2 na nusu cha kushika matandiko nyuma. Pima kwa ule mpira wa maji wa mafundi, macho yanadanganya.

Alafu matandiko, ambayo ulitaka kuyakwepa. Hakuna kuyakwepa. Wewe uko Tororo, makapi ya mpunga yako hapo Butaleja, maganda ya kahawa yako Mbale, mashine za mbao ziko kila mji. Makapi ya mpunga hayanyonyi maji sana lakini yanabaki malegevu, ni sawa. Vumbi la mbao linanyonya vizuri ila lile bichi lenye unyevu linabeba bakteria wa Klebsiella, na kiwele kikishikwa na huyo unaweza kumpoteza ng'ombe ndani ya siku chache. Lianike juani kwenye turubai kwanza. Kamata konzi moja, kaza ngumi, fungua: likishikana donge, bado. Mchanga ni mzuri kuliko yote kwa kiwele, ila kama una mtambo wa biogesi usiuguse, unatuama chini mpaka unajaza tanki. Mabaki ya majani ya nepia yenye mikojo si matandiko, yanachacha yanapata moto, unawalea bakteria na kuwalaza na kiwele.

Na tafadhali, yaweke NYUMA. Watu wanajaza kule kwenye kichwa, ng'ombe anayala au anayapiga teke, na kiwele kinalala simenti tupu. Theluthi ya nyuma ndo ya kiwele. Kila ukikamua, toa yaliyolowa hapo, rudishia makavu. Kisha piga magoti wewe mwenyewe hapo kwenye matandiko, hesabu mpaka kumi. Ukiumia au suruali ikilowa, hapajafaa. Na ukimaliza kukamua mpe chakula kibichi papo hapo asimame akila, tundu la chuchu linabaki wazi nusu saa mpaka saa nzima, hilo ndo dirisha la mavi kuingia.

Sasa ukweli ambao hautaupenda: kizimba kipya hakitaponyesha robo ambayo tayari imeshikwa. Kitazuia maambukizi mapya yanayotoka kwenye uchafu wa kulalia. Kama ndani yuko bakteria wa Staphylococcus aureus, yeye anasambaa kwa mikono na kitambaa cha kukamulia, na huyo hata tyubu mara nyingi hazimtoi. Hiyo robo ikamue mwisho, nawa mikono, na kabla ya tyubu nyingine mwombe daktari wa wilaya achukue maziwa kwenye chupa safi yapelekwe maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, yajulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua.

Nakuambia hivyo kwa sababu hawa watibu mifugo wa begi juu ya bodaboda wananitoa jasho. Anafika, hajauliza ng'ombe analala wapi, hajainama kutazama kifundo cha mguu wa nyuma kilichochubuka na kuvimba, anatoa tyubu. Chuchu hajaisafisha kwa spiriti, tyubu moja anagawa chuchu mbili apunguze bei, maziwa yakikaa sawa kesho yake anakuambia inatosha. Wiki tatu baadaye anarudi na tyubu ya rangi nyingine yenye bei zaidi. Wakati huo hakuna aliyekuambia siku za kutouza maziwa zilizoandikwa kwenye boksi, maziwa yanaenda kwa watoto na dawa ndani. Ukiona mtu anatibu kiwele bila kuingia kwenye banda kushika matandiko kwa mkono wake, mlipe nauli arudi alikotoka, na lile boksi mwambie alifungue mbele yako usome tarehe na siku hizo kabla hajagusa chuchu.