Mzee kakutwa na CLL halafu karudishwa nyumbani bila dawa

"Wakuu, baba ana miaka 63, alienda kupima damu kabla ya oparesheni ya ngiri wakakuta seli nyeupe 41. Wamesema ni saratani ya damu, CLL, halafu wamemwambia arudi baada ya miezi mitatu, hata kidonge hajapewa. Wamemkatia tamaa au wanasubiri hela?"

Pole sana mkuu. Mimi niko Moshi na hiyo CLL ninayo tangu 2019, ilionekana hivohivo kwa bahati, nilikuwa napima afya ya mkataba wa kazi tu sina hata mafua, na mpaka leo sijameza dawa yoyote ya kansa.

Hiyo saratani ni ya limfosaiti, moja ya seli nyeupe. Hazizaliani kwa kasi kama zile lukemia kali unazosikia mtu kalazwa leo kesho yuko mahututi, tatizo lake kubwa ni kwamba haziondoki kwa wakati wake, ni kama nyumba ya kupanga ambayo wapangaji wapya wanaingia kidogokidogo ila wa zamani hawahami. Ndo maana mzee anaweza kuwa na 41 na asubuhi akaenda shambani kama kawaida.

Sasa kwanini wasimtibu mapema? Nilimuuliza daktari swali hilohilo, tena kwa hasira. Akaniambia jambo hili lilishapimwa kwa watu, Wafaransa walichukua wagonjwa wa hatua ya mwanzo, wengine wakaanzishiwa dawa ya kansa iitwayo klorambusili palepale, wengine wakasubiri hadi ugonjwa usumbue, majibu yakachapishwa 1998: walioanza mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Hata dawa mpya za vidonge walipozijaribu hivyohivyo zilichelewesha ugonjwa kusogea, ila hazikuonyesha kwamba watu wanaishi zaidi kwa kuwahi. Na dawa zenyewe zina gharama mwilini, zinashusha kinga ambayo tayari ni dhaifu, na seli zinaweza kuja kuizoea dawa ukaikosa siku unayoihitaji kweli. Akaongeza kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa CLL hawaji kuhitaji dawa maisha yao yote.

Kwahiyo kwenye karatasi ya kipimo cha damu, FBP, acha kukodolea macho WBC, yaani seli nyeupe, peke yake. Mimi naanza na HGB, yaani wingi wa damu, na PLT, zile chembe za kugandisha damu. HGB ikishuka chini ya 10 au PLT chini ya 100 kwa sababu uboho umejaa hizo limfosaiti, hapo kusubiri kumeisha. Vilevile tezi zikiwa kubwa sana, bandama ikishuka mbali chini ya mbavu, mtu akipungua sehemu ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita bila kujinyima, au akiloa jasho usiku mwezi mzima mpaka shuka zinabadilishwa.

Halafu wanaangalia kasi. Limfosaiti zangu zilikuwa 16 mwaka 2019, 2022 zikafika 29, sa hivi 52. HGB ilikuwa 14.1, sasa 13.6. Yaani zinachukua zaidi ya miaka mitatu kuongezeka maradufu, wao wanashtuka zikiongezeka maradufu chini ya miezi sita. Ndo kazi ya hiyo miezi mitatu ya mzee, kipimo kimoja hakionyeshi mwendo. Ila angalia, akipima akiwa na maambukizi au katoka kutumia dawa za steroidi namba inaweza kuruka juu ya uongo, amwambie daktari.

Kuna duka la dawa moja waliona karatasi yangu wakataka kunipa antibaotiki "kushusha seli nyeupe". Hizo hazishuki kwa antibaotiki, na hizo dawa za kusafisha damu za mtaani nazo usimpe.

Kitu ambacho hakisubiri kliniki ni homa, CLL inaua zaidi kwa maambukizi kuliko kwa wingi wa namba, akichemka aende hospitali siku hiyohiyo na aseme ana CLL. Macho yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na kuishiwa nguvu ghafla, aende haraka pia, kinga inaweza kugeuka ikavunja damu yake yenyewe. Chanjo ya homa ya mapafu na ya mafua aulizie, lakini chanjo hai kama ya homa ya manjano asichome, hata kama anasafiri.

Na ngiri msiitupe. Kama HGB na PLT ziko sawa, CLL ya hatua hii kwa kawaida haizuii oparesheni, muombe daktari wa damu aandike barua kwa daktari wa upasuaji, mzee akaitoe sasa hivi akiwa na nguvu.