Barua kwa mwanangu: gripe katika nyumba ya watu wanane

«Mama, homa ilinianza jana usiku, mwili wote unauma na ninakohoa. Tulipima malaria, hakuna. Muuguzi amesema ni gripe. Tuko watu wanane katika vyumba viwili na sebule, koko ana miaka 78, na mdogo ana miezi minne bado ananyonya. Nijitenge wapi?»

Goma, Jumatatu

Mwanangu mpendwa,

Umefanya vizuri kupima malaria kwanza, kwa sababu huku kwetu homa haitambuliwi kwa macho, na mtu anaweza kujifungia siku tatu akidhani ana gripe kumbe anahitaji dawa nyingine kabisa. Sasa soma barua hii yote kabla watu hawajalala, maana jambo kubwa ninalokuomba linahusu mahali kila mmoja atakapolala usiku wa leo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ulipokuwa na miaka minne, niliugua kama unavyougua sasa, nikajifungia chumbani, nikala peke yangu, nikaamini kwamba nimemlinda mama yangu. Wewe, uliyekuwa umelala kifuani mwangu usiku uliotangulia homa, nilikupeleka ukalale kitandani mwake. Siku ya tatu homa ikakushika wewe, na siku ya tano ikamshika yeye. Wewe ulipona baada ya siku chache, lakini yeye alipata nimonia, akalazwa siku tisa. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja na kuuacha wazi ule ambao ugonjwa ulipitia. Mtu mwenye gripe huanza kuwaambukiza wengine yapata siku moja kabla hajajisikia mgonjwa, na aliyeambukizwa hukaa siku moja hadi nne kabla dalili hazijatokea. Kwa hiyo watoto waliokuwa nawe Jumamosi na Jumapili huenda tayari wanaubeba, hata kama leo wanacheza uani kama kawaida.

Ndiyo maana sikuambii ujitenge peke yako tu. Nyumba yenu igawanyike katika pande tatu: wewe, wale waliokuwa karibu nawe, na koko.

Wewe baki katika chumba cha mbele, kwa kuwa kina dirisha kubwa. Baba wa watoto ahamie sebuleni pamoja na watoto wote wanne, kwa sababu yeye amelala kitanda kimoja nawe na hana haki ya kujihesabu mzima mpaka siku nne zipite. Wale wawili wanaolala na koko waondoke chumbani mwake leo hii, wasirudi mpaka Ijumaa ipite bila yeyote kati yao kupata homa au kikohozi. Nafasi yao ichukuliwe na wifi yako, ambaye kwa siku hizi atakuwa mtu wa koko: ndiye ampelekee chakula, amsindikize chooni usiku, amsaidie kuoga, na ndiye apike kwa ajili ya nyumba nzima. Baba wa watoto awe mtu wako na wa mdogo. Hawa wawili wasibadilishane kazi, hata kwa dakika chache, kwa sababu faida yote ya mpango huu iko hapo.

Sebuleni watabanana, ninajua. Magodoro yakigusana, watoto walale kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwenzake, ili anayekohoa asimkoholee mwingine usoni usiku kucha. Wifi yako afanye vivyo hivyo na koko. Mdogo awe na mahali pake pembeni, alale chali, na chandarua kimfuate kila aliyehama, maana tusimkinge mtoto na gripe tukamkabidhi kwa mbu.

Sasa nizungumzie hewa, ambayo watu wengi huisahau. Nimeona familia nyingi zikimwaga javeli sakafuni asubuhi na jioni huku madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi ya Bukavu, ilhali gripe husafiri zaidi kwa matone na chembechembe ndogo zinazotoka kinywani na puani. Dirisha lako liwe wazi mchana na usiku, ujifunike blanketi mbili ikibidi, na mlango unaoelekea sebuleni ubaki umefungwa. Kisha fanya jaribio hili. Washa mshumaa, uuzime, uushike chini ya mlango wako kwa upande wa ndani, utazame moshi unakwenda wapi. Ukirudi kwako na kuelekea dirishani, hewa yako inatoka nje na hiyo ni sawa. Ukivutwa chini ya mlango kuingia sebuleni, basi upepo unasukuma hewa yako kuelekea kwa watoto: ziba uwazi huo kwa kitenge kilichokunjwa, na dirisha la sebule lifunguliwe kabisa. Upepo hubadilika, kwa hiyo rudia jioni.

Chumba cha koko kina lile dirisha dogo mliloliziba kwa katoni. Mwambie mume wako aiondoe katoni hiyo leo, kwa sababu chumba kisicho na dirisha huvuta hewa ya sebule, na sebule sasa ina watu ambao huenda wameambukizwa. Koko atalalamika baridi, na ana haki. Mpeni soksi, kofia na blanketi ya ziada, lakini mbabula isiingie chumbani mwake hata kama makala yameshika vizuri na hayatoi moshi. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Mchana, jua likitoka, akae uani. Huko nje hata mjukuu akipita mbali kidogo hatari ni ndogo sana kuliko ndani.

Kuhusu mdogo, usimwachishe kunyonya. Gripe haipiti kwenye maziwa, na maziwa yako yana kinga ambayo mwili wako umeanza kuitengeneza dhidi ya ugonjwa huu huu. Kinachomhatarisha ni pumzi yako na mikono yako. Saa ya kunyonya ikifika, vaa kashene inayofunika pua na kidevu, nawa mikono kwa sabuni ukisugua kati ya vidole kwa sekunde ishirini, kaa karibu na dirisha, kisha baba yake ndipo amlete, naye akiwa amevaa kashene. Akishiba, achukuliwe mara moja. Usimbusu, usimpulizie uso, usimlaze kando yako eti kwa sababu ni saa nane za usiku na umechoka. Hapo ndipo wanyonyeshaji wengi hushindwa, kwa hiyo mume wako aweke kengele ya simu na akae macho mpaka mtoto amalize. Ukizidiwa, kamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa, naye amnyweshe polepole. Kashene za farmasi ni bora kuliko za kitenge, na ikilowa haifai tena.

Choo ni kimoja kwa parseli nzima, na hilo hatuwezi kulibadilisha. Toka ukiwa na kashene, nawa mikono kwenye bidoni la bomba lililo mlangoni kabla na baada, na futa kitasa kwa kitambaa chenye sabuni. Sahani na kikombe chako viwe vyako peke yako kwa siku hizi, vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Hakuna haja ya kuvitupa wala kuchoma nguo. Ila bugali ya kula kwenye sinia moja isimame kwa wote, kila mtu apakuliwe yake.

Kwa homa na maumivu, kunywa parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili, ukiacha saa sita kabla ya kurudia, na usizidishe vidonge vinane kwa siku. Andika saa ya kila kidonge kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia lini unaweza kutoka. Hesabu haianzi siku unapojisikia vizuri, kwa sababu parasetamoli huficha homa. Tuseme kidonge cha mwisho umekinywa Alhamisi saa mbili usiku, na mpaka Ijumaa saa mbili usiku homa haijarudi, na kikohozi kinapungua: hapo zimepita saa ishirini na nne bila homa na bila dawa, unaweza kutoka chumbani. Hata hivyo, kwa siku tano zinazofuata endelea kuvaa kashene ndani, na usikae karibu na koko. Mtoto akiugua, hesabu yake ianze upya siku hiyo na iwe ndefu zaidi, maana watoto huendelea kuambukiza kwa wiki moja au zaidi. Naye asipewe aspirini hata kidogo. Pamoja na gripe inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto. Wala msinunue amoksisilini kwa kukisia, kwani haiui kirusi cha gripe.

Hata mkifanya haya yote, ugonjwa unaweza kupenya, kwa hiyo muwajue wawili hawa wanavyougua. Mzee wa umri wa koko anaweza kuwa na gripe kali bila homa yoyote. Akianza kuchanganya majina ya wajukuu anaowajua, akikataa chakula, akilala mchana kutwa au akianguka njiani kwenda chooni, msingoje kikohozi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na mseme kwamba nyumbani kuna gripe, kwa kuwa ipo dawa ya kirusi chenyewe ambayo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa mdogo, mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika moja nzima kwa saa ya simu, mkitazama tumbo likipanda na kushuka. Pumzi hamsini au zaidi kwa dakika, au ngozi chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, aondoke nyumbani saa hiyo hiyo, hata usiku. Na wewe, homa ikiisha kisha ikarudi baada ya siku mbili pamoja na maumivu ya kifua, hiyo si gripe ileile inayomalizika. Mara nyingi ni nimonia imeingia nyuma yake, nenda ukapimwe.

Nitapiga simu saa mbili usiku. Nitamwomba mume wako aniambie moshi wa mshumaa ulikwenda wapi, watoto wamelala wapi, na mdogo anapumua mara ngapi kwa dakika.

Mama yako