Mtoto "amerithi saratani"?

"Natafsiri kijitabu cha wazazi kuhusu retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto. Niandike 'mtoto amerithi saratani' au 'amerithi jeni ya saratani'? Na mbona kinasema wenye ya kurithi huugua mapema zaidi?"

Usitumie yoyote kati ya hizo. Jeni inayohusika, RB1, sote tunayo, na kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ukiiita "jeni ya saratani" unampa mzazi picha iliyopinduka. Andika: "mtoto amezaliwa na nakala moja mbovu ya jeni RB1". Neno "moja" usilikate hata nafasi ikibana, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la pili.

Kila seli ina nakala mbili za RB1, moja ya baba na moja ya mama, na ikibaki moja nzima, kizuizi bado kinafanya kazi. Uvimbe huanza pale seli moja ya retina inapopoteza zote mbili. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba nakala huharibika katika seli moja kati ya milioni, na retina inayokua ina seli milioni kumi. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu anayo katika kila seli, kwa hiyo limebaki tukio moja tu, na kwa hesabu hiyo linaweza kuzipata seli kama kumi. Ndiyo maana mara nyingi hupata uvimbe zaidi ya mmoja, katika macho yote mawili, na kwa kawaida hugunduliwa akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Aliyezaliwa na nakala zote mbili nzima anahitaji ajali mbili ziipate seli ileile. Hilo ni nadra sana na huchukua muda, na likitokea huwa uvimbe mmoja katika jicho moja. Mtafiti wa saratani Mmarekani, Alfred Knudson, aliliona hilo mwaka 1971 alipochambua umri wa wagonjwa 48, kabla jeni yenyewe haijajulikana.

Sasa "ya kurithi". Hapa ndipo ningekuomba uwe mwangalifu zaidi. Watoto wengi wenye aina hii hawana mzazi mgonjwa. Hitilafu ilitokea upya, mara nyingi katika mbegu ya baba au yai la mama. Mama akisoma "ya kurithi" ataanza kumtafuta wa kulaumiwa katika ukoo. "Inayoweza kurithishwa" inaelekeza macho mbele, na ni kweli: mtoto huyo akija kuzaa, kila mwanawe ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupokea nakala mbovu.

Wala usiandike kwamba jicho moja maana yake si ya kurithishwa. Baadhi ya wenye nakala mbovu huugua jicho moja tu, na kipimo cha jeni ndicho kinachoamua.