Kuondoa mng'ao wa flashi kwenye miwani bila kuyabadilisha macho

Picha ya uso ikiletwa na mng'ao wa flashi kwenye miwani, mimi huanza kwa kupima kabla sijagusa brashi yoyote, kwa sababu kuna mng'ao wa aina mbili unaofanana kwa kuutazama tu, lakini namna ya kuuondoa haifanani hata kidogo. Aina ya kwanza ni utando: mwanga umetanda juu ya kioo na kuleta weupe hafifu, au rangi ya kijani au zambarau inayotokana na dawa ya kupunguza mng'ao iliyopakwa kwenye lenzi, lakini jicho bado limo chini yake. Aina ya pili ni doa lililoungua, yaani mahali ambapo mwanga ulikuwa mkali kiasi kwamba kamera haikuandika chochote ila weupe mtupu. Utando huondolewa ili jicho lirudi. Doa lililoungua halina jicho la kurudisha, na lolote utakaloliweka pale ni lazima litoke mahali pengine.

Kupima ni rahisi. Ninatumia GIMP, programu isiyolipiwa, na wenye Photoshop watazikuta zana zilezile kwa majina yanayokaribiana. Chagua Color Picker, bonyeza sehemu kadhaa ndani ya mng'ao, kisha soma namba za nyekundu, kijani na bluu kwa kipimo cha 0 hadi 255. Zote tatu zikiwa 255 kila unapobonyeza, pameungua. Ikiwa walau rangi moja iko chini ya hapo na inabadilika kutoka nukta moja hadi nyingine, bado kuna mchoro wa jicho unaoweza kuvutwa. Mwenye faili ghafi la kamera, yaani RAW, ashushe kwanza Highlights katika programu ya kulifungulia, kwa kuwa faili hilo huhifadhi mwanga mkali ambao JPEG imekwisha kuutupa.

Nitaeleza kazi kwa mfano mmoja uliokuwa na aina zote mbili. Familia moja ya Tanga iliniletea picha ya baba yao, mwalimu mstaafu, iliyopigwa kwenye sherehe ya kumuaga kazini. Walitaka kuichapa kwa inchi 8 kwa 10, na hawakuwa na nyingine ya siku ile. Mzee alikuwa amegeuza kichwa kidogo, lakini macho yake yalitazama kamera moja kwa moja. Kioo cha karibu kilikuwa na utando wa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Kioo cha mbali kilikuwa na doa jeupe lililofunika ncha ya nje ya kope ya juu pamoja na kipande cha duara la rangi linaloizunguka mboni, ingawa mboni yenyewe ilionekana. Kazi ya namna hii huanzia kwenye utando, maana jicho likisafishwa ndilo litakalotoa viraka vya jicho la pili.

Mwanga wa utando hujumlishwa juu ya jicho, kwa hiyo dawa yake ni kutoa. Mahali pazuri pa kujua kiasi cha kutoa ni mboni, kwa kuwa mboni hukaribia kuwa nyeusi kabisa. Mboni ya jicho la mbali, ambayo haikuguswa na mng'ao, ilisoma nyekundu 20, kijani 18 na bluu 17. Ile iliyokuwa chini ya utando ilisoma 58, 94 na 76. Tofauti yake ni 38, 76 na 59, na namba hizo ndizo nilizozitumia. Nilinakili tabaka la picha, nikafungua Levels kwenye menyu ya Colors, nikachagua Red na kusogeza kiwango cha chini cha Input Levels hadi 38, kisha Green hadi 76 na Blue hadi 59. Mboni ikashuka hadi karibu 24 kwa kila rangi, ukijani ukaondoka, na mistari midogo ya duara la rangi ikaonekana bila mimi kuchora hata mstari mmoja. Hii ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko nyingine zote: inarudisha jicho lilelile lililokuwa mbele ya kamera.

Bila shaka Levels imeyabadilisha pia mashavu na paji la uso, kwa hiyo tabaka hilo hupewa Layer Mask nyeusi inayolificha lote, kisha unapaka nyeupe ndani ya kioo tu kwa brashi laini ili lionekane hapo peke yake. Utando hauwi mzito sawasawa kila mahali. Pale ulipokuwa hafifu nilipaka kijivu badala ya nyeupe, la sivyo ngozi ya chini ya jicho ingetoka nyeusi kama iliyopigwa ngumi. Mwisho nilishusha Opacity ya tabaka hilo hadi 85, kwa sababu mbili. Kwanza, kutoa mwanga huongeza chembechembe na vijisanduku vya JPEG kwenye sehemu za giza. Pili, kioo kisicho na mwanga wowote huonekana kama fremu tupu, na mtu aliyezoea kumwona mzee na miwani yake atahisi kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja.

Doa lililoungua linahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo macho mengi huharibiwa. Wengi hukimbilia zana ya Heal, lakini Heal huchanganya rangi za pembeni, hivyo ikikutana na ukingo wa kope huburuta weusi wa nywele kwenye ngozi na weupe wa jicho kwenye duara la rangi. Mimi huitumia kwenye ngozi tu. Wengine hukata jicho zima la upande wa pili, wakaligeuza na kulibandika. Kope hukubali kugeuzwa. Jicho lenyewe halikubali, kwa kuwa nukta ya mwanga iliyomo ndani yake, ambayo katika macho yote mawili inapaswa kuwa upande uleule, huhamia upande wa pili, na ikiwa mtu hakutazama kamera moja kwa moja anatoka na makengeza.

Kwa hiyo kope na duara la rangi huchukuliwa mbalimbali, kila kimoja kwenye tabaka lake. Baada ya kutengeneza tabaka la New from Visible, nilizungushia jicho lililosafishwa kwa Free Select, nikalinakili na kulibandika kama tabaka jipya, kisha nikaligeuza kwa Flip. Kwa kuwa kichwa kilikuwa kimegeuka, jicho la mbali lilikuwa jembamba zaidi: zana ya Measure ilionyesha pikseli 212 kutoka pembe hadi pembe kwenye jicho la karibu, na 196 kwenye la mbali. Nikapunguza upana wa kiraka hadi asilimia 92.5 na kuuacha urefu wake wa kwenda juu ulivyo. Nilishusha Opacity hadi 50 ili nione vyote viwili, nikalinganisha pembe za jicho, nikairudisha hadi 100, kisha kwa Layer Mask nikaacha ionekane ile ncha ya kope iliyokosekana na si zaidi.

Duara la rangi nililinakili upya kutoka jicho lilelile, safari hii bila kuligeuza na bila kulipunguza. Kichwa kinapogeuka huku macho yakiendelea kutazama kamera, kope huonekana zimebanwa kwa upana, lakini duara la rangi hubaki limeikabili lenzi, kwa hiyo hubaki duara kamili. Ukilibana pamoja na kope, mtu anapata jicho la yai. Nililisogeza hadi ukingo wake ulipolingana na ukingo wa duara halisi uliokuwa bado unaonekana nje ya doa, kisha nikafunua kile kipande kilichoungua peke yake. Mboni halisi na nukta yake ya mwanga nilizibakiza, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba mtazamo wa mtu, na mtazamo ukisogea hata pikseli chache kila anayeitazama picha atauona.

Upande wa mbali wa uso ulikuwa na giza kidogo, nami nikashusha mwanga wa viraka kwa Levels mpaka vikalingana na ngozi jirani. Jicho la mbali pia halikuwa kali sawasawa na la karibu, kwa hiyo viraka vilipata Gaussian Blur ya chini ya pikseli moja. Kiraka kilicho kikali kuliko kilichokizunguka hujitangaza mara tu picha inapochapwa.

Kisha huja ukaguzi ambao programu haiwezi kuufanya. Hakuna uso ambao pande zake mbili zinalingana kabisa, na kope iliyogeuzwa huleta umbo la upande mwingine. Ndiyo maana huomba picha ya zamani ya mhusika, iwe ya harusi au hata ya simu, mradi macho yote mawili yanaonekana. Binti yake alipoleta moja, alitazama kazi yangu kwenye skrini akasema, "Huyu ni baba, ila jicho hili limekuwa macho sana." Picha ya zamani ilionyesha kwamba kope ya upande ule hulala kidogo. Nikaishusha ncha yake pikseli chache, na yeye mwenyewe akaniambia nisimame hapo.

Kazi hii ni ya picha za ukutani na za albamu. Picha za pasipoti na viza zisiguswe kwa namna hii, kwa sababu pale uso unapaswa kuwa kama kamera ilivyouona. Marekani, ambako wengi wetu hutuma picha kwa ajili ya bahati nasibu ya viza, haikubali miwani kwenye picha hizo tangu Novemba 2016. Kwa hiyo miwani ivuliwe na picha ipigwe upya.

Ikiwa macho yote mawili yameungua, hakuna pa kuchukua kiraka ila kwenye picha nyingine ya mtu huyohuyo, iliyopigwa kwa mwanga na mkao unaokaribiana. Picha hiyo ikiwa ya bila miwani, kumbuka kwamba lenzi hubadilisha ukubwa wa jicho linaloonekana nyuma yake. Lenzi ya asiyeona mbali, yenye nguvu ya -4, hulipunguza kwa takriban asilimia 5 hadi 6, na ile ya kusomea yenye alama ya kujumlisha hulikuza. Namba ya lenzi muulize mwenye miwani. Asipoijua, tazama ukingo wa shavu unapopita nyuma ya kioo: ukiingia ndani kuelekea puani, lenzi inapunguza, na jicho utakalobandika lipunguzwe kwa urefu na upana mpaka pembe zake zikae juu ya sehemu zozote za jicho zilizosalia.